Alama Moja kwa Watu Watano

Kijiko kiligonga ukingo wa kikombe, ting, kisha kikanyamaza kama mtoto aliyekaripiwa. Nje kulikuwa bado giza. Mkufunzi hakuhitaji kufumbua macho kujua kwamba mumewe, mzee wake, yuko jikoni, anakoroga chai huku amebana pumzi ili asimwamshe mtu, na kwamba muda si mrefu kitaanguka kitu kikubwa zaidi. Kikaanguka kifuniko cha sufuria.

"Samahani," sauti ikanong'ona kutoka jikoni, kana kwamba kunong'ona kungekirudisha kifuniko mahali pake.

"Nimeamka zamani."

"Mwongo wewe. Ulikuwa unakoroma mpaka pazia linacheza."

Mkufunzi akacheka chini ya shuka. Kila msimu wa mazoezi ya kufundisha, wanachuo wa ualimu wakishatawanyika mashuleni na yeye kupita huku na huku kuwakagua, mzee huyu alitangulia kuamka. Alichemsha chai, akapiga viatu vya mkewe brashi, akavipanga mlangoni vikiangalia nje. Hakuwahi kusema kwamba anafanya hivyo. Viatu vilikutwa tu vinang'aa.

"Leo unamkagua nani?" akauliza, akimwekea kikombe mkononi.

"Msemaji."

"Yule mwenye sauti? Basi leo umepumzika. Si ndiye uliyekuwa unamsifu hapa mezani, kikundi chake kilipopata tisini?"

"Huyohuyo."

Jina la Msemaji alipewa na wenzake chuoni. Kila kazi ya kikundi ilipofika siku ya kuwasilishwa, yeye ndiye aliyesimama mbele, shati limenyooka, mkono mmoja mfukoni, na kusoma kwa sauti iliyowaamsha hata waliokaa nyuma. Kazi ile ya tisini ilihusu ujifunzaji shirikishi: namna ya kupanga vikundi darasani ili kila mtoto awe na jambo lake la kufanya na la kujibu. Mkufunzi mwenyewe ndiye anayelifundisha somo hilo, na analipenda kama mtu anavyopenda shamba alilolisafisha kwa mkono wake.

Akanywa chai yake ya moto, akavaa viatu vyake vinavyong'aa, akaondoka akiwa na moyo mwepesi. Ulikuwa ni moyo mwepesi wa mwisho kwa wiki hiyo.

*

Darasa lilikuwa na watoto arobaini. Madawati yalikuwa yamekwisha kusogezwa, watoto wamekaa vikundi vinane vya watano watano, na kila kikundi kina karatasi kubwa moja na kalamu nene moja. Ubaoni Msemaji alikuwa ameandika kwa chaki: *Mahitaji ya mbegu ili iote.* Chini yake: *Mwenyekiti, Katibu, Mtunza muda.*

Mkufunzi alipoiona kalamu ile moja, kitu kikamchoma kidogo. Akajisemea, ngoja kwanza. Akakaa kiti cha nyuma, akaweka fomu ya tathmini juu ya magoti.

"Jadilini!" Msemaji akaamuru kwa sauti yake nzuri. "Dakika ishirini!"

Kelele ikapanda. Kwa mbali ilionekana kazi. Mkufunzi akainuka polepole, akasogea kwenye kikundi cha karibu. Binti mmoja aliyechomeka rula fupi sikioni kama kalamu alikuwa ameinamia karatasi, kitabu cha kiada kiko wazi mapajani, ananakili: maji, hewa, joto. Herufi zake zilinyooka kama zimepigwa chapa. Wenzake wawili walikuwa wanagombea kifutio. Wa tatu alikuwa anamchora mwalimu, tena kichwa kikubwa kupita mwili.

"Mmejadili nini hapa?" Mkufunzi akamuuliza yule mchoraji.

"Muulize katibu."

"Nakuuliza wewe, mjukuu wangu."

"Mimi ni mwenyekiti," akajibu kwa fahari. "Mwenyekiti anakaa."

Pembeni kabisa mwa dawati alikaa binti mwembamba, mikono kaifunga kifuani. Baadaye Mkufunzi angesikia wenzake wakimwita Kimya. Akainama usawa wake.

"Na wewe kazi yako ni nini?"

"Mtunza muda."

"Zimebaki dakika ngapi?"

Kimya akaangalia dirishani, akafikiri kwa uaminifu kabisa. "Sina saa," akasema.

Mkufunzi alitamani kucheka, akatamani na kulia. Akarudi kwenye kiti. Dakika ishirini zikaisha, makatibu wanane wakapita mbele, wakasoma maneno yaleyale matatu kutoka katika kitabu kilekile kimoja, wakapigiwa makofi manane. Msemaji akahitimisha kwa ufasaha. Kengele ikalia kwa wakati. Ungesimama nje dirishani ungesema somo limefana.

Kabla watoto hawajatoka, Mkufunzi akaomba dakika moja. Akamuuliza Kimya mbegu inahitaji nini ili iote. Kimya akatazama karatasi zilizobandikwa ukutani, lakini alikuwa mbali, hakuziona vizuri. Akatazama viatu vyake. Mkufunzi akamuuliza mwenyekiti. Mwenyekiti akasema, "Mbolea." Watoto wakacheka, na katibu mwenye rula akafumba macho kwa uchungu, kama mama anayeaibishwa na wanawe ugenini.

*

Walikaa wawili chini ya paa la korido, kwenye benchi bovu linaloyumba. Msemaji alikuwa anatabasamu.

"Umeonaje, mama?"

"Wewe umeonaje?"

"Ushirikishwaji ulikuwepo. Kulikuwa na kutegemeana, kulikuwa na uwajibikaji wa mwanafunzi mmoja mmoja, kulikuwa na..."

"Kimya aliwajibika kwa nini?"

"Muda."

"Bila saa."

Tabasamu likapungua. "Mama, lakini walikaa vikundi."

"Mwanangu, walikaa pamoja. Hata abiria wanakaa pamoja. Ungemtoa Kimya pale, kikundi kingepungukiwa nini?"

Msemaji akafungua mdomo. Ilikuwa mara ya kwanza Mkufunzi kuona mdomo ule unafunguka na usitoke neno.

Akamwonyesha fomu. Alama zilikuwa chini ya nusu. Kila mwanachuo hukaguliwa mara mbili, na akianguka zote mbili harudi chuoni kupokea cheti; anarudia mazoezi mwaka unaofuata. Msemaji alilijua hilo. Akalitazama benchi, akatazama uwanja, kisha akasogea karibu na kushusha sauti.

"Mama, nisaidie. Wewe unanifahamu. Unajua ninaweza. Nisogeze tu kidogo hapo. Nyumbani mama yangu ameshawatangazia majirani kwamba mwaka huu anamzaa mwalimu."

"Jumatatu ijayo nitakuja tena," Mkufunzi akasema. Akainuka kwa shida, goti likalia. Msemaji, pamoja na aibu yake yote, akamshika kiwiko mpaka akasimama sawasawa. Hilo Mkufunzi aliliona, akaliweka moyoni.

*

Nyumbani hakula vizuri. Akavua viatu, akaenda moja kwa moja kwenye kabati la mafaili, akavuta makaratasi mpaka akaipata kazi ile ya kikundi. Kurasa kumi na mbili. Majina matano juu. *Kazi nzuri sana. 90.* Wino mwekundu, mwandiko wake mwenyewe.

Akaisoma tena. Ilikuwa nzuri kweli. Ukurasa wa nne ulisema: *Kikundi kikipewa alama moja bila kumpima kila mmoja, wachache watafanya kazi na wengine watapanda migongoni mwao.* Akafunua ukurasa wa tano, wa sita, wa saba. Mwandiko mmoja. Kumi na mbili zote, mwandiko mmoja mdogo unaolala kulia.

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kana kwamba kosa lilikuwa la miwani.

Akampigia simu mwenye mwandiko, binti mpole aliyekuwa anafanya mazoezi katika shule nyingine.

"Shikamoo mama! Kuna tatizo?"

"Marahaba. Hakuna. Nikumbushe tu ile kazi yenu ya ujifunzaji shirikishi. Nani aliiandika?"

"Kikundi, mama."

"Binti yangu, mimi sigombi. Niambie."

"Niliandika mimi. Siku nne, usiku na mchana, na malaria juu."

"Na wale wengine?"

"Wawili walileta karatasi. Mmoja alibana pini."

"Na Msemaji?"

"Alisoma, mama. Alisoma vizuri sana. Na kusema kweli aliniletea dawa. Ila kazi yenyewe hakuijua mpaka asubuhi ile. Nilimwonyesha pa kupumua tu."

Mkufunzi alikata simu, akakaa na kurasa zile mapajani. Mzee wake alikuwa anarekebisha mguu wa stuli mlangoni. Akamtazama mara moja, mara mbili.

"Nani amekuudhi?"

"Mimi."

"Basi msamehe, mtu mzima huyo."

"Usinichekeshe. Miaka ishirini nawaambia vijana: kila mtu apimwe, kila mtu ajibu, alama ya kikundi itoke kwenye kazi ya kila mmoja. Halafu mimi mwenyewe nawapa watu watano alama moja kwa kazi ya mtu mmoja. Tena kazi yenyewe inahusu jambo hilohilo! Nimelihutubia saa mbili mbele ya watu mia na ishirini waliokaa kimya. Niliwahi kumuuliza hata mmoja?"

Mzee akageuza stuli, akajaribu kuikalia. Ilisimama. "Watu mia na ishirini," akasema, "kusahihisha kurasa kumi na mbili mara tano ya..."

"Usinitetee!"

"Sikutetei. Nahesabu tu ni chai kiasi gani ningepika."

Usiku ule hawakurudia mazungumzo hayo. Lakini asubuhi alikuta kazi ile mezani, imefutwa vumbi, na juu yake kalamu nyekundu mpya.

*

Siku iliyofuata mchana akarudi shuleni bila fomu. Msemaji alipomwona getini akashtuka, akaanza kujifunga kifungo cha juu.

"Sijaja kukukagua. Nimekuja kukuambia kwamba ile tisini nilikosea. Sikukupima wewe. Nilipima mwandiko wa mwenzako na sauti yako."

Uso wa kijana ukajaa damu. "Kwa hiyo unaninyang'anya?"

"Nakudai kitu nilichopaswa kukudai mwaka jana. Twende tukakae."

Akamfuata mpaka chumba cha walimu, akakaa, lakini kwa hasira, nusu ya kiti.

Mkufunzi hakumpa jibu. Alimuuliza maswali. Watoto wakae wangapi ili kusiwe na pa kujificha? Msemaji akanuna, akasema wanne. Kila mmoja ashike nini ambacho mwenzake hana? Hapo walikwama kwa saa nzima. Msemaji alipendekeza kuwapa kila mmoja ukurasa wake wa kitabu. Mkufunzi akauliza, na akiusoma bila kuuelewa? Msemaji akatupa kalamu mezani.

"Mama, si uniambie tu unachotaka!"

"Nikikuambia utakisoma. Kwa sauti nzuri."

Likamchoma. Akainuka, akazunguka chumba cha walimu, akatazama dirisha, akarudi. Kisha akasema taratibu, kama anayetafuta njia kwenye chumba chenye giza, "Makopo. Kila mtoto awe na kopo lake la maharage. Namba moja, pamba yenye maji. Namba mbili, pamba kavu. Namba tatu, maji yaliyochemshwa yakapoa, na mafuta juu ili hewa isiingie. Namba nne..." Akakuna kichwa. "Namba nne ni ya baridi. Iwe na pamba yenye maji, ila ikae kwenye friji."

"Friji ya nani?"

"Ya mama wa duka la getini."

"Na mtoto atajuaje kopo la mwenzake?"

"Mwenye kopo amfundishe."

"Na wewe utajuaje kwamba amefundishwa?"

Msemaji akaivuta tena kalamu aliyoitupa. Jua lilikuwa limeshaingia mpaka mezani. "Namuuliza kopo lisilo lake," akasema mwishowe. "Bila kumwambia mapema nani ataulizwa. Halafu kila mmoja anaandika peke yake, makopo yote manne. Kikundi kinafaulu wote wanne wakifaulu."

Mkufunzi akainama kutafuta mkoba wake, ili kijana asiuone uso wake.

*

Jumatatu ya pili mambo yakaenda kombo tangu kengele.

Makopo arobaini yalikuwepo, kila moja na namba na jina. Mama wa duka alikuwa amehamisha soda zake kwa wiki nzima na kubandika karatasi kwenye friji: *Ukigusa kopo la mtoto utanitambua.* Lakini watoto watatu hawakufika siku hiyo, na vikundi vyao vikaanza kulalamika. Katika kikundi kimoja ilionekana kopo la mtoto aliyekuwa mgonjwa lilikuwa limetunzwa na jirani yake, na rekodi zake za kila siku zimeandikwa kwa penseli nyingine. Hakuna aliyemtuma. Mkufunzi akaiandika hiyo pembeni mwa fomu, ingawa fomu haikuwa na sehemu yake.

Kwanza Msemaji aliwakusanya wenye namba moja pembe hii, namba mbili pembe ile, ili walinganishe makopo yao na kukubaliana watawaeleza nini wenzao. Madawati yakakwaruza sakafu, mafuta yakamwagika, mmoja akateleza. Kilichopangwa kuchukua dakika kumi kilichukua ishirini na mbili. Jasho lilimtoka Msemaji mpaka shati likashika mgongo.

Waliporudi kwenye vikundi vyao, yule katibu mwenye rula, sasa namba mbili, akayavuta makopo yote manne upande wake.

"Nipeni, nitawaeleza."

"Rudisha," Msemaji akasema.

"Mwalimu, wananichelewesha! Yeye haongei!" Akamwonyesha Kimya kwa rula. Machozi yalikuwa karibu. "Nikimsubiri yeye tutaanguka wote!"

"Kwa hiyo msaidie aongee. Muulize."

"Nimuulize nini?"

"Usichokijua."

Katibu alimtazama kama ametukanwa. Lakini akarudisha kopo. Mkufunzi aliona vidole vya Kimya vikilipokea, vikilizunguka kwa makini, kama mtu anayepokea kifaranga.

Zikiwa zimebaki dakika kumi na mbili, Msemaji akachomoa kikaratasi ndani ya mkebe. Namba mbili. Wote wenye namba mbili wakasimama, na akamteua katibu.

"Tueleze kopo namba nne. La Kimya."

"Maharage hayakuota," katibu akasema haraka. "Kwa sababu mbegu inahitaji joto, na kwenye friji kuna baridi." Akakaa kabla ya kuruhusiwa.

Jibu sahihi, la kitabuni. Hapo ndipo Kimya aliposema, kwa sauti ndogo iliyowalazimu wengine kunyamaza:

"Hakuniuliza vizuri."

"Nini?" katibu akageuka.

"Mama wa duka alinionyesha. Mlango wa friji ukifungwa, taa inazima. Ndani ni giza. Ninyi makopo yenu yako dirishani, yana mwanga. Sasa tunajuaje ni baridi? Labda ni giza."

Hakuna aliyecheka. Mkufunzi aligundua amesimama. Katika miaka yake yote ya kusahihisha majaribio kama lile, hakuna mwanachuo aliyewahi kuliona pengo lile. Naye mwenyewe hakuliona, alipokaa mezani na Msemaji saa nzima.

Akamtazama kijana. Alijua kabisa kinachomjia kinywani: saa ilikuwa inakimbia, na neno moja lenye sauti nzuri lingemaliza jambo. Msemaji alifungua mdomo. Kisha akaufunga.

"Nani ana la kumjibu?" akauliza.

"Lakini shambani mbegu tunazifukia!" mchoraji akapaza sauti, yule mwenyekiti wa zamani. "Chini ya udongo ni giza na zinaota!"

"Udongo una tundu," mwingine akasema.

"Tundu gani, wewe? Umeshaingia?"

"Bibi yangu anafukia kwa kidole, hivi, halafu anafunika!"

Katibu alikuwa amekunja uso. Taratibu akaitoa rula sikioni. "Bado hatujui," akamwambia Kimya, na ilionekana kumgharimu kulisema. "Tungehitaji kopo lingine. Lenye giza lakini lisilo na baridi."

"Kabatini," akasema Kimya.

Wakakimbia wote wawili kwenye kabati la nyuma la vitabu. Pamba, maji, maharage matano. Darasa zima likasimama kuangalia mlango wa kabati ukifungwa. Kengele ikalia. Karatasi za kila mmoja kuandika peke yake, arobaini, zilikuwa bado mezani, nyeupe kama zilivyoletwa.

*

Wakakaa tena kwenye benchi linaloyumba. Mkufunzi alijumlisha mara mbili, akitumaini amekosea. Hakukosea. Muda haukutosha, somo halikuhitimishwa. Na lile la msingi, lile alilolipigania miaka ishirini, halikufanyika: mtoto mmoja aliulizwa, wengine hakuna aliyewapima. Alama zilipungua nne kufika nusu.

Akampa fomu. Msemaji akaisoma mpaka chini, akarudi juu.

"Umeniangusha."

"Umepungukiwa nne."

"Nikisoma karatasi ya mwenzangu unanipa tisini." Sauti yake haikuwa nzuri sasa, ilikuwa imepasuka. "Leo nimefundisha. Leo, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, mama, nimefundisha kweli. Leo ndiyo unaniangusha."

"Ndiyo."

"Ndiyo tu?"

"Sina jingine, mwanangu. Ile alama ya mwaka jana ilikuwa ya uongo, na hii ya leo ni ya kweli. Ningetamani sana ziwe kinyume chake. Nikikupa hizi nne kwa huruma, nitakuwa nimekufanyia tena kile nilichokufanyia."

Msemaji akasimama, akapiga hatua tatu, akarudi, akapiga teke jiwe dogo lisilokuwa na hatia. Mkufunzi naye alikuwa na hasira: kwake mwenyewe, kwa fomu ile ambayo haikuwa na sehemu ya mtoto aliyemtunzia mwenzake kopo wala sehemu ya mwalimu aliyejizuia kusema, kwa watu mia na ishirini aliowahutubia. Wangapi wengine walikuwa madarasani wakati huu, wakigawa uenyekiti?

"Kuna kanuni," akasema. "Mwanachuo akianguka mara mbili anaweza kukaguliwa mara ya tatu kabla mazoezi hayajaisha. Ila lazima aombe mwenyewe. Siwezi kumwombea."

"Nani huwa anaomba?"

"Sijawahi kumwona. Watu wote mnatukimbia."

Msemaji akacheka kidogo, kwa uchungu. Akasugua uso kwa kiganja, chaki ikabaki kwenye nyusi. Ndani ya darasa mlango wa kabati ulilia ukifunguliwa, na sauti ya katibu ikasikika: "Usifungue, unaingiza mwanga!" Na ya Kimya, ndogo lakini ngumu: "Nilikuwa naangalia tu kama umefunga vizuri."

Kijana akageuza kichwa, akasikiliza. Kisha akakaa benchini, mwili mzima safari hii, akageuza fomu upande wa nyuma na kuanza kuandika. Aliandika kwa shida, akifuta. Mkufunzi hakumsaidia neno. Alipomaliza hakuisoma kwa sauti, alimpa tu.

Mkufunzi akainuka, goti likalia, na mkono ukawa tayari chini ya kiwiko chake. Wakatembea hivyo mpaka getini, ambako mama wa duka alikuwa anarudisha soda zake mahali pake.

"Alhamisi, mama," Msemaji akasema, bila kuuachia mkono. "Kabla ya hapo maharage ya kabatini hayatakuwa yameonyesha kitu. Kila mmoja ataandika peke yake kabla hatujafungua. Njoo Alhamisi. Tafadhali, njoo tena."